Ukanda Mwekundu Nyuma ya Sikio

Ndila alikuwa na vidole vyenye kiburi. Nasema hivyo nikijua yeye mwenyewe angekubali, kwa maana alikuwa akiviinua mbele ya mteja na kusema, "Hivi vimesoma kuliko wewe." Mimi, Nyawira, nilikuwa na hoteli ya chai hapa Malili, ukuta kwa ukuta na saluni yake, na kwa miaka kumi na minne nilimsikia akisema hivyo karibu kila siku. Wateja walicheka, wakalipa, wakarudi.

Alizaliwa Matiliku, akaenda Nairobi akiwa msichana mwaka wa sitini na mbili, akapata kazi ya kufagia nywele sakafuni katika saluni ya mama mmoja Mzungu aliyeitwa Madam Pauline. Alifagia miaka miwili. Wa tatu alipewa kuosha vichwa, na wa nne kuchanganya dawa. Huko ndiko alikojifunza mambo ya rangi, na aliyarudisha Ukambani kama mtu aliyerudi na digrii.

"Mama Mugo," aliniambia siku moja akinywa chai yangu bila haraka ya kulipa, "unajua kwenye unywele wa mtu kuna rangi mbili tu? Dunia nzima. Wewe, mimi, Malkia wa Uingereza."

"Malkia ana mvi," nikasema.

"Mvi ni rangi imekwisha. Sikiza. Kuna ile nyeusi, inaitwa eumelanini. Kuna ile nyekundu-nyekundu, ya kuelekea manjano, inaitwa feomelanini."

Nilidhani ni majina ya mapacha wa kizungu, nikamwambia hivyo. Alikasirika kidogo, kisha akanieleza vizuri, maana alipenda kueleza kuliko alivyopenda kukasirika. Mzungu mwenye nywele za dhahabu, alisema, ana rangi kidogo sana ndani ya unywele. Ukimpaka peroksaidi, dawa inakuta kazi ndogo, na dakika ishirini tu kichwa kimekuwa cheupe kama katani. Mwenye nywele nyekundu ni taabu. Kwake karibu yote ni ile feomelanini, na hiyo ni kaidi, peroksaidi inaipiga na yenyewe imekaa tu. Utangoja, utapaka tena, na utaishia kwenye rangi ya machungwa hata kama mteja aliomba nyeupe. Madam Pauline aliwaogopa wanawake wa nywele nyekundu kuliko alivyomwogopa mtu wa kodi.

"Na sisi?"

"Sisi tumejaa ile nyeusi mpaka pomoni. Lakini nyeusi ndiyo huvunjika mbele ya dawa. Ikivunjika, ile nyekundu kidogo iliyokuwa imejificha chini yake inabaki peke yake na kuonekana. Ndiyo maana mtu wetu akijipaka peroksaidi anakuwa kahawia, halafu mwekundu, halafu machungwa. Akifika manjano, unywele wenyewe umeshakufa."

Hayo hakuyaacha kuwa maneno matupu. Alikuwa na kizibo cha soda mezani. Msichana akija anataka kuwa wa dhahabu kama picha ya kalenda, Ndila alimkata nywele tatu nne nyuma ya shingo, akaziweka kwenye kizibo, akadondoshea dawa, akamwambia akae atazame. Namkumbuka Ndinda, aliyekuwa mhudumu wa baa kando ya barabara. Alikaa akitazama kizibo muda wa chupa mbili za Fanta. Nywele zikawa kahawia, zikawa nyekundu, zikagoma hapo kwenye machungwa. Ndila akazivuta kwa kucha mbili, zikakatika katikati kama uzi wa zamani.

"Hivyo ndivyo kichwa chako kitakuwa," akamwambia. "Unataka?"

Ndinda akatengenezwa kalikiti, yale mawimbi ya mafuta ya mtindo wa siku zile, kama watu wengine, akaenda zake.

Mwanafunzi wa Ndila aliitwa Mumbua. Alikuwa mke wa Muthama, kijana aliyefanya kazi bandarini Mombasa na kurudi kila alipopata ruhusa, yaani mara chache. Mumbua alikuja saluni mwaka wa themanini na mbili bila kujua hata kushika chanuo, na baada ya mwaka mmoja wateja wengine walikuwa wakimwomba yeye badala ya Ndila. Ndila hakumwonea wivu. Alimpenda yule msichana waziwazi, alimpa gauni zake, alimgombeza kama mama anavyogombeza. Naye Mumbua alimwita Anti. Jina lile lilimkaa Ndila vizuri, kwa sababu hakujaliwa mtoto, na ingawa hakulisema, sote tulilijua.

Sasa nifike mwaka wa themanini na nne, ambao mimi siupendi hata kuutaja. Mvua ya masika haikuja. Ng'ombe walianza kuanguka mwezi wa tano. Serikali ilileta mahindi ya manjano kutoka ng'ambo, na sisi tuliozoea mahindi meupe tuliyala tukikunja pua, lakini tuliyala. Mwezi ule ule wa tano Mumbua alijifungua mtoto wa pili. Akamwachisha ziwa yule wa kwanza, Kaluki, aliyekuwa na miaka miwili na miezi kadhaa, akamwacha nyumbani kwa mama mkwe wake, Mutindi. Kile kichanga alikuja nacho kazini mgongoni.

Mutindi hakuwa mwanamke mbaya, na nasema hivyo kwa sababu baadaye watu walimsema vibaya sana. Alikuwa mkubwa katika umoja wa akina mama kanisani, mkali wa maneno, msafi wa nyumba. Alimpenda mjukuu wake. Alimpikia uji wa yale mahindi asubuhi, mchana na jioni, akamshibisha. Maziwa yalikuwa yamekwisha na ng'ombe. Maharagwe yalikuwa bei ya nyama. Mtoto alikuwa na tumbo lililojaa, na tumbo lililojaa ndilo tulilojua sisi sote kuwa ni shibe.

Jumamosi moja mwezi wa saba, Mutindi alikuwa na mkutano wa akina mama, kwa hiyo Mumbua akaja na watoto wote wawili. Kulikuwa na baridi ile ya uwanda wa huku, upepo unakata masikio. Kaluki alivaa kofia ya sufu iliyofungwa chini ya kidevu, aliyoivaa tangu baridi ianze. Alikuwa mtoto mkimya. Mchana, shughuli zikiwa nyingi, alipatikana ameketi kando ya beseni, kofia imetupwa chini, chupa ya peroksaidi iko wazi, na kitambaa kilicholowa kiko mapajani mwake. Mumbua alipiga kelele, akamwosha mikono na uso, akamwosha kichwa pia kwa wasiwasi, bila kuzitazama nywele. Hakuungua. Kofia ikarudishwa, kazi ikaendelea.

Siku nane baadaye Mutindi aliingia saluni akimvuta mtoto kwa mkono. Nilimsikia kabla sijamwona.

"Ndila! Toka hapa uone kazi yako!"

Nilitoka na sufuria mkononi. Mutindi aliing'oa ile kofia. Nywele za Kaluki zilikuwa zimekuwa nyekundu. Zilikuwa rangi ya udongo wa barabara ya Kitui, zimepauka, zimelala laini badala ya kujisokota. Ncha peke yake ndizo zilizokuwa bado nyeusi.

"Mmemwekea mjukuu wangu dawa ya wazungu," Mutindi akasema. "Mama mmoja wa kanisa letu ameniuliza mbele ya watu, huyu mtoto ni wa nani? Mimi nimeaibika. Mumbua achague. Ni hii duka yenu ama ni nyumba ya kijana yangu. Na akichagua hii, watoto watabaki kwangu."

Mumbua alianza kulia pale pale. Alimtazama Ndila kama mtu anayesubiri hukumu.

Ndila alimketisha mtoto kwenye kiti cha juu, chini ya mwanga wa dirisha. Akagawanya nywele kwa vidole. Nilikuwa nimesimama mkono mmoja kutoka kwake, kwa hiyo ninachosema niliona. Alishika kishungi kidogo akakivuta taratibu, kama alivyovuta zile za kwenye kizibo. Lakini hazikukatika katikati. Zilitoka zote na mashina yake, kishungi kizima, kama mtu anavyong'oa nyasi kwenye mchanga. Na mtoto hakulia. Hakugeuza hata kichwa.

Ndila alitazama zile nywele katika vidole vyake kwa muda ambao mimi niliuona mrefu. Akamtazama Mutindi, akatazama nguo safi za mtoto, akamtazama Mumbua. Halafu akazifuta zile nywele kwenye aproni yake.

"Ni peroksaidi," akasema. "Kosa ni langu, mimi ndiye niliacha chupa. Mwaitu, mama yangu, nisamehe."

"Mbona ncha ni nyeusi na chini ni nyekundu?" Mumbua akauliza, akifuta machozi. Alikuwa amefundishwa vizuri, mnaona. "Anti, dawa si ingeanza juu?"

"Joto la kichwa. Dawa inakimbia zaidi karibu na ngozi. Si nilikuambia?"

Hilo ni kweli, hata leo wasusi watakwambia hivyo. Akachukua wembe, akanyoa kipande kidogo nyuma ya sikio la kushoto, upana wa sarafu ya shilingi.

"Dawa haiwezi kuingia ndani ya ngozi," akamwambia Mutindi. "Zile zitaota hapa zitakuwa nyeusi. Nipe wiki mbili. Zikikataa, uchukue Mumbua, na mimi nitafunga saluni."

Maneno yenye siku ya mwisho humtuliza mtu. Mutindi akaondoka na mjukuu wake, na mimi, Nyawira mwenye mdomo, nikasema kwa sauti, "Lakini ameanza kunona huyu, tazama mashavu!" Nilisema hivyo. Sijawahi kujisamehe.

Wiki mbili zile Ndila hakuwa mtu wa kukaa naye. Alichoma kichwa cha mteja kwa draya, jambo ambalo halijawahi kutokea. Alikuja kunywa chai akaiacha. Nilimuuliza kama anaogopa kufunga saluni, akasema, "Saluni kitu gani," akatoka. Nilidhani ni kiburi kile kile.

Siku ya kumi na nne Mutindi hakuja akivuta mtoto. Alikuja amembeba. Kaluki alikuwa mzito mgongoni mwake, mashavu yamejaa yanang'aa, macho yamekuwa madogo. Nilimpa andazi. Alilishika tu. Hakulipeleka mdomoni wala hakuliangusha, alilishika kama mtu aliyepewa amtunzie mwenzake. Miguu haikuwa na viatu.

"Viatu vimekataa kuingia," Mutindi akasema. "Anakua haraka."

Ndila alipinda sikio la mtoto mbele, akatazama pale aliponyoa. Nywele zilikuwa zimeota kidogo sana, kama nusu ya punje ya mchele, na zilikuwa nyekundu tangu shinani.

Alipiga magoti, akaushika mguu wa Kaluki, akabonyeza kwa kidole gumba juu ya unyayo. Alipoondoa kidole, shimo lilibaki. Tulilitazama lile shimo, sisi wanawake wanne, likikaa pale bila kujaa.

"Mama Mugo," akasema, sauti yake si yake, "Evanson wa mikate ameshapita?"

"Yuko kwangu, anashusha."

"Mwambie asiondoke."

"Ndila, ni nini?" Mutindi akauliza. "Sema ni nini!"

Ndila akasimama. Aliyasema maneno yale kwa ukali, kama anajigombeza mwenyewe.

"Dawa huvunja weusi uliokuwapo. Hizi hazijavunjwa. Hizi zimetoka ndani ya mtoto hivi, mwili umekosa cha kutengenezea weusi. Huyu mtoto hajanona, Mwaitu. Amevimba. Ana njaa."

"Njaa?" Mutindi alisema polepole. "Kwangu? Anakula mara tatu. Uliza mtu yeyote. Anashiba!"

"Anashiba uji."

Sijaona mtu akivunjika kama Mutindi alivyovunjika. Hakupiga kelele hata kidogo. Alikalia beseni lililopinduliwa, akafunika mdomo kwa leso, na akawa anarudia neno moja, "Anashiba, anashiba," mpaka Mumbua alipomchukua mtoto mikononi mwake na kukimbilia pikapu ya Evanson.

Hospitali ya misheni ilimlaza wiki saba. Siku ya tatu aliacha kulia kabisa, na muuguzi akamwambia Mumbua aite watu wake. Muthama alitoka Mombasa. Mimi nilifunga hoteli, Ndila akafunga saluni, tukakaa kwenye benchi la nje tukiangalia mlango. Walimpa maziwa kijiko kwa kijiko, baadaye maharagwe yaliyopondwa, mayai. Siku ya sita aliomba maji mwenyewe. Muuguzi, mwanamke mfupi mwenye haraka, alitupita akasema bila kusimama, "Mngemleta wiki mbili mapema, hangefika hapa. Nyinyi mnangoja nini huko nyumbani?"

Niliona Ndila akiinamisha kichwa. Nikamshika mkono nikamwambia hakuna aliyejua.

Kaluki alipona. Mvua ya mwezi wa kumi na moja ilinyesha, maharagwe yakashuka bei. Mutindi akaacha kwenda mkutano wa akina mama kwa muda, kisha akarudi, na kila nyumba iliyokuwa na mtoto aliingia na kuuliza wanapika nini. Watu walimcheka mwanzoni.

Wiki ya Krismasi Mumbua alimleta Kaluki saluni asukwe aende kanisani. Mtoto alikuwa mwepesi, mtundu, anataka kushika kila kitu. Kwa macho nywele zake zilikuwa nyeusi tu, zimejisokota vizuri, na nilisema hivyo. Mumbua akamketisha kwenye kile kiti cha juu, akachukua chanuo, akavuta nywele za utosini zikanyooka kati ya vidole vyake.

Hapo ndipo zilipoonekana. Ncha nyeusi, kisha ukanda mwekundu, kisha nyeusi tena mpaka kwenye ngozi. Ukiziachia zinajisokota, na wekundu unapotea ndani ya weusi. Ni msusi tu angeuona.

Mumbua akazitazama, akatabasamu kidogo kwa huzuni. "Anti, kuja uone. Miezi yote iko hapa." Akapinda sikio la kushoto mbele, akazinyoosha zile za pale palipokuwa pamenyolewa. Hizo hazikuwa na ncha nyeusi. Zilianza na nyekundu, zikaishia na nyeusi. Akaweka kucha ya kidole gumba kwenye ule wekundu, kama Ndila alivyomfundisha kupima nywele. "Hizi ni zile za baada ya wewe kunyoa. Hii nyekundu yote imeanza hiyo siku."

Ndila alikuwa anakunja taulo. Akaiweka chini.

Angeweza kunyamaza. Mimi nilikuwa pale mlangoni na chai, na nilimwona akiweza kunyamaza. Hakuna ambaye angemuuliza, hata Mungu alikuwa ameshanyamaza kuhusu jambo lile.

"Mumbua," akasema. "Hizo za mwanzo, hizo za kwenye ncha, za wiki mbili zile. Hizo ni zangu."

"Namna gani, Anti?"

"Nilijua. Siku ya kwanza. Zilitoka na mashina, hazikukatika. Nywele za dawa hukatika. Vidole vyangu vilijua."

Mumbua hakugeuka. Bado alikuwa ameshika sikio la mtoto.

"Kwa nini hukusema?"

"Niliona haya kumwambia mama wa kanisa kwamba mtoto wa nyumba yake ana njaa. Mbele ya Mama Mugo, mbele yako. Nikaona afadhali nijitwike mimi, niseme ni chupa yangu. Nikasema labda nimekosea. Nikajipa wiki mbili." Akapangusa uso kwa aproni. "Nilijipa mimi. Sikumpa yeye."

Kaluki akauliza kama atafungiwa utepe. Mama yake akasema ndiyo, wa buluu, akakigawanya kichwa katikati na kuanza kusuka. Alisuka vizuri sana, mistari imenyooka. Ndila alisimama pale na taulo miguuni pake mpaka utepe ukafungwa.

Mumbua hakuacha kazi. Watu wanaposikia habari hii hutarajia kwamba aliondoka, lakini alikuwa na watoto wawili. Alifanya kazi pale miaka mingine kumi na miwili, hadi Ndila alipougua na kumwachia saluni, viti, draya na kile kizibo cha soda. Miaka ile yote Ndila alikuwa na tabia moja ambayo wageni waliiona ya ajabu. Mtoto yeyote akipita mlangoni alimwita, akampapasa kichwa, akavuta kishungi kidogo, akabonyeza mguu. Watoto wawili wa Malili walipelekwa hospitali mapema kwa sababu hiyo, na mama wa mmoja wao alimtukana hadharani kwa sababu Ndila alimwambia kwamba nyumbani kwake kuna njaa. Ndila alitukanwa akakaa kimya.

Mumbua alimpikia alipougua, alimwosha, alimzika kwa heshima. Lakini tangu siku ile ya wiki ya Krismasi hakumwita tena Anti. Alimwita Madam, kama mteja mgeni anavyoita, na Ndila aliitika kila mara.